Kuondoa kwenye vitabu mashini iliyokufa: uchakavu umekwisha, na haikuleta hata franka moja

Mwenye kinu kimoja cha unga pale Katuba, Lubumbashi, alinisimamisha mlangoni akiwa na orodha ya mali mkononi. "Papa kontabule, ile mashini ilisha kufa. Juu ya nini ingali mu bitabu?" Alikuwa na haki ya kuuliza. Kinu chake cha nyundo kilinunuliwa 2015, uchakavu wake, yaani gharama yake iliyogawanywa kwa miaka ya kazi, ukaisha katikati ya 2020, kikaendelea kusaga mahindi karibu miaka mitano zaidi. Machi 2025 mota iliungua na mwili ulikuwa umepasuka pembeni, fundi akasema hakuna cha kuokoa. Vijana wa mtaa walikivuta nje kwa mkokoteni. Hakuna aliyelipa kitu kwa ajili yake.

Nitafuata kinu hicho kimoja kuanzia fakitire hadi mwisho. Akaunti ni za mpango wa hesabu wa OHADA, umoja wa nchi za Afrika wenye sheria moja ya biashara, ambao Kongo ilijiunga nao mwaka 2012. Tarakimu nimezifanya ziwe nyepesi kusoma.

Hatua ya 1: Tafuta gharama halisi ya siku ya ununuzi

Usianze kwenye kompyuta. Anza na fakitire za 2015. Kinu kilinunuliwa kwa dola 17,000. Kukisafirisha na kukisimika kwenye zege kulikula dola 1,000 nyingine, kwa fakitire ya pekee. Vyote viwili ni gharama ya mashini, kwa sababu bila kusimikwa kisingesaga hata kilo moja. Dola siku ile ilihesabiwa franka 925, kwa hiyo vitabuni kiliingia hivi:

Mashini: 17,000 × 925 = 15,725,000
Usafiri na usimikaji: 1,000 × 925 = 925,000
Jumla kwenye akaunti 2411, ya gharama za mashini: franka 16,650,000

Hapa ndipo watu wa kwetu wanapoteleza, maana sisi tunafikiri kwa dola na kuandika kwa franka. Kijana niliyekuwa namfundisha alichukua dola 18,000, akazizidisha kwa bei ya dola ya siku ile ya 2025, kama franka 2,850, akapata 51,300,000 na kuziondoa zote. Akaunti 2411 ilikuwa na 41,200,000 tu za mashini zote pamoja. Ikabaki na salio la krediti la 10,100,000. Mashini haiwezi kuwa chini ya sifuri. Ukiona akaunti ya mali imegeuka upande wa krediti, jua mtu ametoa zaidi ya kilichoingia. Kinachotoka ni franka zile zile zilizoingia 2015. Bei ya dola ya leo haihusiki.

Hatua ya 2: Hakikisha uchakavu umefika mwisho kweli

Kinu kilianza kazi tarehe 1 Julai 2015, kwa miaka 5, kiasi sawa kila mwaka. Mwaka mzima ni 16,650,000 ÷ 5 = 3,330,000. Nusu ya 2015 ni 1,665,000. Miaka minne kamili, 2016 hadi 2019, ni 13,320,000. Nusu ya kwanza ya 2020 ni 1,665,000. Ukijumlisha unapata 16,650,000, na siku ya mwisho ni 30 Juni 2020.

Sasa fungua akaunti 2841, ya uchakavu limbikizi wa mashini, na utafute mistari ya kinu hiki peke yake. Lazima ifike 16,650,000, si pungufu wala zaidi. Ikiwa pungufu, mashini haijamalizika, na mwongozo huu haukutoshi: utaandika kwanza uchakavu hadi siku ya kuitoa, kisha kitakachobaki kitaingia akaunti 812, ya thamani ya mali iliyotoka, kama hasara. Ikiwa zaidi, mara nyingi ni nusu ya pili ya 2020 iliyoandikwa kwa mazoea, kwa sababu mtu alinakili mstari wa mwaka uliotangulia bila kutazama tarehe. Nimeona hilo mara nyingi kuliko ninavyopenda kusema. Rekebisha kwanza, ndipo uendelee.

Kuhusu ile miaka ya kusaga bila uchakavu, hakuna kosa. Mashini iliyokwisha kuchakaa vitabuni lakini bado inafanya kazi hubaki na mistari yake miwili, gharama upande mmoja na uchakavu limbikizi upande mwingine, thamani yake ikiwa sifuri. Haiondoki kwa sababu hesabu zimekwisha. Inaondoka siku inapoacha kuwa mali yako ya kazi.

Hatua ya 3: Andika PV kabla ya kuandika vitabu

PV ni karatasi yenye saini inayoshuhudia kilichotokea. Ni fupi, ukurasa mmoja. Tuliandika jina la mashini na namba iliyochongwa kwenye kibati chake, tarehe 14 Machi 2025, sababu (mota imeungua, mwili umepasuka, fundi anasema haitengenezeki), na mahali mwili ulikopelekwa. Kisha mstari mmoja ambao wengi wanausahau: "Haikuuzwa, hakuna fedha iliyopokelewa." Wakasaini fundi, mtunza ghala na mwenye kinu. Tulipiga na picha, mkokoteni ukionekana.

Mstari ule wa fedha una kazi yake. Mkaguzi wa kodi akiona mashini imetoka na hakuna mapato, swali lake la kwanza ni kama chuma kiliuzwa mlango wa nyuma. Hapa Lubumbashi wanunuzi wa vyuma chakavu wanapita kila siku na mizani yao, kwa hiyo swali si la ajabu. Kama kweli mtu alikupa chochote, hata franka 50,000, basi kuna mapato: yanaingia sanduku na akaunti 822, ya mapato ya mali iliyouzwa, na huwezi tena kusema haikuleta kitu.

Vijana wa mkokoteni walilipwa franka 40,000. Hizo ni gharama za kawaida za mwezi huo, zikae mbali na akaunti za mashini.

Hatua ya 4: Andika mistari miwili

Baada ya hayo yote, maandishi yenyewe ni mafupi hadi yanakatisha tamaa:

```
14/03/2025   2841   D   16,650,000
14/03/2025   2411   K   16,650,000
```

D ni debiti, K ni krediti. Uchakavu limbikizi ulikaa upande wa krediti miaka yote, kwa hiyo unaufuta kwa debiti. Gharama ilikaa debiti, unaifuta kwa krediti. Faida haiguswi na hasara haiguswi, kwa sababu gharama yote ilishapita kwenye matokeo kidogo kidogo kati ya 2015 na 2020. Kwenye maelezo ya mstari andika namba ya PV.

Wapo wanaopitia akaunti 812, na baadhi ya programu zinafanya hivyo zenyewe. Zinatoa gharama yote kwenda 812, halafu zinarudisha uchakavu wote kutoka 2841 kwenda 812 hiyo hiyo. Ni sawa, ilimradi safari zote mbili zifanyike na 812 ibaki sifuri. Hatari ni kufanya ya kwanza na kwenda kula. Ukiacha nusu njiani, 812 inabeba hasara ya 16,650,000 ambayo haikutokea, faida ya mwaka inashuka kiasi hicho, na uchakavu wa mashini isiyokuwepo unaendelea kukaa kwenye 2841. Kwa hiyo mwisho wa mwezi tazama 812. Kama hakuna mashini nyingine iliyotoka, lazima iwe sifuri.

Hatua ya 5: Hakiki kwa jumla mbili, usitazame tofauti peke yake

Hapa ndipo ugumu wa kazi hii ulipo. Kabla ya 14 Machi:

2411: 41,200,000
2841: 27,350,000
Tofauti: 13,850,000

Baada yake:

2411: 24,550,000
2841: 10,700,000
Tofauti: 13,850,000

Tofauti haikusogea hata franka moja, na haipaswi kusogea. Lakini tazama linalofuata. Mwaka mwingine, kwenye kazi nyingine, niliondoa bei ya mashini tu na kusahau fakitire ya usimikaji. Nilitoa kiasi kile kile pande zote mbili, mistari ikalingana, tofauti ikabaki sahihi, kila mtu akafurahi. Usimikaji wa mashini iliyokwenda zamani ulibaki kwenye gharama na kwenye uchakavu kwa miaka miwili, kimya kabisa. Kwenye kinu chetu ungekuwa ni 925,000 kila upande. Kosa la aina hii halionekani kwenye thamani halisi. Linaonekana kwenye jumla ya gharama peke yake, ukiilinganisha na daftari la mali.

Kwenye daftari la mali, ambalo wengi wetu tunaliweka kwenye Excel, usifute mistari ya kinu. Weka tarehe ya kutoka kwenye safu yake, iwe G, kwa mistari yote miwili: mashini na usimikaji. Kisha jumlisha gharama (safu E) za vitu visivyo na tarehe ya kutoka. Excel ya Kifaransa inataka hivi:

```
=SOMME.SI.ENS(E2:E60;G2:G60;"")
```

Jibu lazima liwe 24,550,000, sawa na akaunti 2411. Fanya hivyo hivyo kwa safu ya uchakavu, na ulinganishe na 2841. Kama jibu la Excel ni dogo kuliko akaunti kwa 925,000, umeshajua pa kutafuta.

Wakati wa kufunga mwaka, kinu kitaonekana mara ya mwisho: kwenye Note 3A, jedwali la gharama za mali katika taarifa za mwaka, safu ya vilivyotoka, franka 16,650,000, na kwenye Note 3C, jedwali la uchakavu, upande wa vilivyotoka, kiasi kile kile. Mwenye kinu alipoziona namba hizo mbili zimelala kwenye karatasi mbili tofauti, aliweka kidole kwenye moja, kidole kingine kwenye nyingine, akasema: "Basi ilisha toka." Kisha akaniuliza bei ya dola ya siku ile, kwa sababu kinu kipya kilikuwa tayari njiani kutoka Kasumbalesa.