Somo: Kununua spika ya kubeba na maiki za kanisa dogo bila kudanganywa na wati

Kanisa letu liko Nakivale, wilaya ya Isingiro. Kuta ni za udongo, paa ni la mabati, na kutoka madhabahuni hadi mlangoni ni mita 16. Spika yetu ya kwanza iliandikwa wati 3000 kwenye katoni. Jumapili ya kwanza kina mama waliokaa nyuma walisikia mngurumo tu, maneno hawakuyapata. Tulikuwa tumechanga miezi saba. Sitaki kanisa jingine lipitie hayo, kwa hiyo fuateni hatua hizi mkienda dukani, iwe Mbarara au Kampala.

Hatua ya 1: Achana na katoni, geuza spika usome mgongoni

Wati kubwa za kwenye katoni kwa kawaida ni za PMPO. Hicho ni kilele cha kufumba na kufumbua, na kila mtengenezaji hukihesabu anavyopenda. Wewe tafuta RMS, yaani wati ambazo spika inaweza kuzitoa mfululizo.

RMS isipoandikwa, uliza betri na fyuzi. Betri yetu ilikuwa ya volti 12, ampea-saa 4.5. Zidisha: 12 mara 4.5 ni wati-saa 54. Kama spika ile ingekula wati 3000 kweli, betri ingekwisha kwa dakika moja hivi. Muuzaji alikuwa ametuambia inapiga saa tano! Mambo hayo mawili hayawezi kuwa kweli kwa pamoja. Fyuzi nayo ilikuwa ya ampea 5, na ampea 5 kwa volti 12 ni wati 60, basi. Kinachozidi hapo kwa muda mrefu kinaikata. Ukitoa umeme unaopotea kama joto, tulikuwa na spika ya wati 30 hivi za RMS.

Hatua ya 2: Pima umbali kabla ya kuhesabu watu

Watu huuliza, "Wati ngapi kwa watu mia?" Swali la kwanza liwe: mtu wa mwisho anakaa mita ngapi? Mahali pa wazi, kila umbali unapozidi mara mbili, sauti hushuka desibeli 6. Kila wati zinapozidi mara mbili, sauti hupanda desibeli 3 tu. Ndiyo maana kutoka wati 30 kwenda 60 sikio halioni tofauti kubwa.

Tuhesabu mazishi, ambayo sisi hufanya nje. Angalia kwenye karatasi ya maelezo desibeli za spika kwa wati 1, ukiwa mita 1. Zisipokuwepo, chukua 90. Kwa wati 30 unaongeza kama 15, unapata 105. Kutoka mita 1 hadi 16 umbali umezidi mara mbili mara nne, kwa hiyo unatoa 24. Inabaki 81, na hicho ni kilele. Sauti ya mtu akihubiri ina milima na mabonde, kwa hiyo toa kama 12 tena: mtu wa nyuma anapata 69. Kwa mahubiri mahali patulivu inatosha. Kwaya ikianza na kinanda, haitoshi.

Sasa chukua spika ya wati 100 za RMS, yenye desibeli 95. Kwa hesabu ileile mtu wa nyuma anapata 79. Tazama kwamba desibeli 5 kati ya hizo 10 zilizoongezeka hazikutoka kwenye wati, zimetoka kwenye spika yenyewe. Kwa kanisa letu hii ndiyo niliyopendekeza, ya inchi 12, na ndiyo tunayotumia.

Hatua ya 3: Ijaribu kwa sauti ya mchungaji wako

Dukani watakuwekea wimbo wenye besi nzito, nawe utaona suruali inatikisika. Nenda na flashi yako yenye mahubiri uliyorekodi kwa simu, na wimbo mmoja wa kwaya. Weka sauti robo tatu, uache dakika kumi, chaja ikiwa imechomolewa. Simama mbali, ikiwezekana barazani. Herufi "s" na "sh" zikianza kukwaruza, spika imefika mwisho wake, hata kama kitufe bado kina nafasi. Na taa zikififia kila besi inapopiga, betri haimudu mzigo.

Hatua ya 4: Fikiria boda na vumbi

Spika yenu itapanda boda kwenye barabara ya vumbi. Boksi la mbao za unga huvimba likinyeshewa, na skrubu zake hulegea kwa mtikisiko. Plastiki nene inastahimili zaidi. Bonyeza ubavu kwa kidole gumba: ukiingia ndani, iache. Wavu wa mbele uwe wa chuma. Vigurudumu vidogo visikushawishi, havimalizi mwaka kwenye mawe. Afadhali mshikio imara uliofungwa kwa skrubu.

Hatua ya 5: Maiki

Seti nyingi huja na maiki mbili zisizo na waya. Soma MHz, yaani masafa ya redio, kwenye kila moja: zikiwa na namba ileile, zitagombana zikiwashwa pamoja. Chagua za UHF. Tembea nayo mita 20, kisha uigeuzie spika mgongo huku ukiongea. Sauti ikikatika, hapo ndipo itakapokatika kwenye harusi. Halafu nunua maiki moja ya waya, mita 10, hata kama wazee wanaona ni ya kizamani. Betri ndogo zikiisha katikati ya ibada, ndiyo itakayowaokoa.

Maswali ya wanachama

*Mama wa kwaya, Kyaka II: Shikamoo mwalimu. Yetu ilipiga saa sita ilipokuwa mpya. Sasa saa moja tu, na hatujaiangusha. Shida ni nini?*

Marahaba mama. Bila shaka hutumika Jumapili, kisha hukaa hadi Jumapili nyingine bila chaji. Betri ya risasi ikikaa tupu huharibika, haihitaji kuanguka. Ichajiwe jioni ileile baada ya ibada. Fundi aipime baada ya kupumzika saa chache: ikiwa nzima na imejaa, isome volti 12.7 au zaidi. Kama imechajiwa usiku kucha na asubuhi inasoma chini ya 12.2, nunueni betri nyingine ya vipimo hivyohivyo. Spika yenyewe msiitupe.

*Mzee wa kanisa, Bweyale: Tukipandisha sauti inapiga mluzi. Tununue yenye wati zaidi?*

Hapana mzee wangu, wati zaidi zitaleta mluzi uleule. Maiki inaisikia spika na kuirudishia sauti yake. Isogezeni spika mbele ya mhubiri, mita mbili au tatu kuelekea waumini, mdomo wake ukiwatazama wao. Punguzeni kitufe cha ECHO. Na anayeshika maiki asifunike kichwa cha maiki kwa kiganja.

*Kijana wa mitambo, Bombo: Kaka, mvua ikinyesha kwenye mabati hakuna kinachosikika. Wati ngapi zitaishinda?*

Mdogo wangu, usijaribu. Mvua kubwa kwenye mabati yasiyo na dari inafunika sauti ya spika ndogo, na ukisukuma kitufe hadi mwisho, twita, yaani kile kispika kidogo cha sauti nyembamba, ndiyo huungua kwanza. Sisi huwa tunasimamisha mahubiri na kuimba mpaka ipungue. Fedha za spika kubwa wekeni kwenye dari.