Wosia ukiwa ughaibuni: nani ashuhudie, nani asishuhudie

Watu wengi wa Mbeya, Njombe na Iringa walioko nje huandika wosia kwa namna moja. Wanapakua fomu ya nchi wanayoishi, wanaita wafanyakazi wenzao wawili kushuhudia, wanapeleka kwa mthibitishaji kupigwa muhuri, wanafungia kwenye droo. Kule ughaibuni huenda karatasi hiyo haina kasoro. Kama mali ni nyumba ya Uyole na shamba la parachichi Rungwe, inaweza kuanguka mbele ya hakimu wa Tanzania kwa sababu ya hao mashahidi wawili tu.

Tanzania haina sheria moja ya wosia. Kuna kanuni za kimila zilizotangazwa kwa Tangazo la Serikali namba 436 la mwaka 1963, ambazo mahakama huzitumia kwa makabila yanayofuata ukoo wa baba. Kuna sheria ya kiserikali iliyorithiwa kutoka India, ya mwaka 1865. Na kuna sheria ya Kiislamu, ambayo wosia wake hauvuki theluthi moja ya mali, na mrithi halali hapewi kitu cha ziada kwa wosia bila warithi wenzake kuridhia. Ukishafariki, mahakama ndiyo itakayoamua uingie wapi, kwa kuangalia ulivyoishi na ulichokusudia. Mtu aliyeishi Birmingham miaka mingi lakini akajenga kijijini, akatoa mahari kimila na kuhudhuria vikao vyote vya ukoo kwa simu anaweza kuvutwa upande wowote. Kwa hiyo ushauri wangu ni huu: andika wosia utakaosimama kwa mila na kwa sheria ya kiserikali pia.

Chukulia Ambakisye, Mnyakyusa anayefanya kazi hospitalini Uingereza. Ana mke, mtoto wa kiume mkubwa na binti mdogo. Anataka nyumba ya Uyole iwe ya binti, shamba la Rungwe liwe la mke na kijana. Amewaita wenzake wawili wa kazini, Mghana na Mfilipino, wakasaini.

Kwa sheria ya kiserikali Ambakisye yuko salama: inataka mashahidi wawili au zaidi, kila mmoja amwone mwenye wosia akisaini au athibitishiwe naye kwamba sahihi ni yake, kisha asaini mbele yake. Kwa kanuni za kimila hayuko salama. Mwenye wosia anayejua kusoma na kuandika anahitaji angalau mashahidi wawili wanaojua kusoma na kuandika, na kati yao mmoja awe wa ukoo na mwingine mtu baki. Mashahidi wa Ambakisye wote wawili ni watu baki, wa ukoo hayupo. Wosia ukianguka, mali inagawanywa kama vile hakuandika kitu. Na katika mgawanyo wa kimila wa mwaka 1963, mtoto wa kiume wa kwanza wa nyumba kubwa yuko daraja la kwanza, wanaume wengine la pili, mabinti la tatu. Mjane hana fungu lake kama marehemu ameacha jamaa wa ukoo wake; anatazamiwa atunzwe na watoto. Yaani wale wawili aliotaka kuwalinda ndio watakaobaki mkono mtupu au karibu na hapo.

Dawa yake ni nyepesi. Akija likizo Desemba, aandike upya. Amwite baba mdogo au binamu ambaye hapati chochote katika wosia, na jirani au mzee wa kanisa ambaye si ndugu. Wote wawili wakae meza moja naye. Karatasi iandikwe kwa kalamu ya wino au ichapwe; penseli haifai. Iwe na tarehe. Iseme wazi kwamba ana akili timamu na anafanya kwa hiari yake. Asaini yeye kwanza, wao wakimtazama, ndipo wao wasaini, kila mmoja akiandika jina kamili na uhusiano wake: "mimi ni binamu wa mwenye wosia", "mimi si ndugu wa mwenye wosia". Maneno hayo machache yatamwokoa msimamizi wa mirathi na ubishi mrefu baadaye. Pale panapofutwa neno, wote watatu wasaini pembeni. Afadhali zaidi, ukurasa uchapwe upya.

Mrithi asishuhudie. Kwa sheria ya kiserikali, ukimpa shahidi kitu, au ukimpa mume au mke wa shahidi, wosia wenyewe unabaki lakini zawadi ile inakufa. Kwa hiyo hata shemeji wa yule utakayempa shamba ni afadhali kuliko mumewe.

Hapa pana kona moja ngumu, na ni lazima uijue. Kanuni za kimila zinataka mke aliyepo nyumbani wakati wosia unaandikwa naye ashuhudie, juu ya wale mashahidi wa kawaida. Sheria ya kiserikali inaweza kumnyima zawadi yake kwa sababu hiyo hiyo. Mke wa Ambakisye anapewa shamba, kwa hiyo asiingie kwenye orodha ya mashahidi wawili kabisa. Sehemu yake iwe aya tofauti inayosema alikuwepo na anaufahamu wosia. Maneno ya aya hiyo mpe wakili ayapange. Ndilo jambo moja ambalo nisingelifanya bila yeye.

Kama unamsaidia mzazi asiyejua kusoma, idadi inapanda: mashahidi wanne, wawili wa ukoo na wawili watu baki, na mzee aweke dole gumba la kulia. Wosia wa mdomo nao unahitaji wanne wa namna hiyo hiyo. Sauti aliyoirekodi mama na kuituma kwenye kundi la familia haichukui nafasi yao, hata kama watu thelathini wameisikiliza.

Yapo mambo mengine yanayobatilisha wosia ambayo mashahidi wazuri hawawezi kuyaponya. Aliyeandika akiwa mlevi, akiwa amepotewa na fahamu kwa ugonjwa, au kwa hasira ya ghafla, wosia wake hausimami. Vivyo hivyo ulioandikwa kwa kutishwa au kulaghaiwa. Ndugu wakigombea, hapa ndipo wanapoanzia, hivyo mzee mgonjwa mpime kwa daktari siku ileile na uhifadhi cheti. Kumnyima mtoto urithi kunataka sababu zinazotambuliwa na kanuni, kwa mfano amemshambulia mzazi au amemtelekeza katika njaa au ugonjwa bila sababu. Sababu iandikwe wazi, na mtoto apewe nafasi ya kujitetea. "Simpi, ananijua" haitoshi.

Kwa walioko nje kuna kosa jingine ambalo halionekani mpaka siku ya msiba: chini ya sheria ya kiserikali, ndoa hufuta wosia ulioandikwa kabla yake. Uliandika ukiwa kapera, ukafunga ndoa ughaibuni, basi andika tena. Na wosia wa maandishi haufutwi kwa maneno ya kitandani, hivyo ukibadilisha nia andika mpya, utaje kwamba unafuta wa zamani wa tarehe fulani.

Nakala halisi usirudi nayo ng'ambo. RITA, wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini, hutunza wosia, wakili wako pia. Mwambie mtu mmoja unayemwamini ulipo, na picha kwenye simu ibaki kwa kumbukumbu tu, kwa sababu mahakama itataka karatasi yenye sahihi.