Urari umegoma? Gawanya tofauti kwa 9

Wenzangu mnaotunza vitabu vya maduka hapa Tanga, urari ukikataa kulingana msikimbilie kupekua leja nzima. Tofauti yenyewe huwa inasema kitu.

Tuseme duka la vifaa pale Ngamiani limefunga mwezi: debiti 4,862,000, krediti 4,835,000. Tofauti ni 27,000. Kwanza rudia kujumlisha, kisha igawe kwa 2 utafute 13,500, maana kiasi kilichoandikwa upande usio wake huleta tofauti mara mbili yake.

Hukuipata? Gawanya kwa 9. Unapata 3,000 kamili, na hapo mimi hushuku tarakimu zilizopinduliwa. Hiyo 3 inakuambia tarakimu mbili jirani zimepishana kwa 3, na sifuri zinaonyesha ziko kwenye makumi elfu na maelfu: 41 na 14, 52 na 25, 63 na 36. Kwa kuwa krediti ndiyo imepungua, anza na akaunti ya mauzo. Kamba za katani ziliuzwa 63,000, fedha taslimu ikadebitiwa sawasawa, lakini kwenye mauzo ikaingia 36,000. Umeipata.

Sifuri iliyozidi nayo hugawanyika kwa 9: 3,000 ikiandikwa 30,000, tofauti ni ileile 27,000. Kwa hiyo kagua zote mbili.

Ila kosa lililoingia pande zote kwa kiasi kilekile, au risiti iliyosahaulika kabisa, urari hauligusi. Hilo litafute kwa kulinganisha vitabu na risiti zenyewe pamoja na taarifa ya benki.