Jinsi ya kuandika taarifa ya msimu wa korosho bila kujisifu

Mashamba mengi ya mikorosho huku kwetu ni ya urithi: wenyewe wengi, msimamizi mmoja. Msimamizi yuko Newala au Tandahimba na jembe lake, ndugu zake wako Mtwara mjini, Lindi au Dar es Salaam wanasubiri simu. Msimu ukiisha anatakiwa awaandikie ukurasa mmoja au miwili: tumepata nini, tumejifunza nini, mwakani tunafanya nini. Mimi huandika taarifa ya shamba letu na huwasaidia majirani kuandika zao. Nimeona kwamba majivuno hayaingii kwa sababu mtu ana kiburi. Huingia kwenye hesabu, mwandishi asipotenganisha kilichotokana na kazi yake na kilichotokana na mnada.

Hatua ya kwanza: funga msimu, usifunge mwaka

Desemba si mahali pa kukata hesabu. Pesa ya kupalilia na ya dawa ya salfa hutoka katikati ya mwaka, mikorosho ikichipua na kutoa maua. Minada huanza Oktoba, na korosho za mwisho zinaweza kupelekwa ghalani mwaka mpya ukiwa umeshaingia. Ukifunga tarehe 31 Desemba utaandika gharama zote na nusu ya mauzo, halafu ndugu zako wataanza kuulizana. Subiri malipo ya mwisho yaingie benki, ndipo uandike, na juu ya ukurasa uweke msimu kwa miaka yake miwili, mfano 2024/2025.

Hatua ya pili: chagua kilo moja na bei moja

Kilo za nyumbani na kilo za chama haziwiani. Korosho uliyoipima siku ya kuokota bado ina maji. Ikianikwa inapungua, na ikichambuliwa inapungua tena. Tumia kilo zilizoandikwa kwenye stakabadhi ya AMCOS, yaani chama chenu cha ushirika, maana hizo ndizo zilizolipwa. Kilo za nyumbani ziache kwenye daftari lako zikusaidie kujua unapoteza kiasi gani njiani.

Bei nayo ni hivyo hivyo. Bei inayotangazwa mnadani ndiyo kila mtu anaijua, hata aliyeko Dar, lakini siyo inayofika mkononi. Kuna makato ya chama, usafiri, ghala na mengineyo. Gawanya pesa iliyoingia benki kwa kilo za stakabadhi, upate bei yako halisi. Kama una daraja la kwanza na la pili, yataje yote mawili kwa kilo, kwa sababu wastani mmoja unaficha mzigo uliolowa.

Hatua ya tatu: pasua ongezeko vipande viwili

Hapa ndipo penye kazi, kwa hiyo twende polepole na shamba la mfano. Lina ekari tano na mikorosho 140, yaani miti 28 kwa ekari, kama ilivyo ukipanda kwa nafasi ya mita 12 kwa 12. Msimu uliopita lilitoa kilo 1,120 na bei halisi ilikuwa shilingi 1,900. Msimu huu limetoa kilo 1,190 kwa shilingi 2,900. Mapato yametoka 2,128,000 hadi 3,451,000.

Msimamizi wa kawaida ataandika: "Kwa juhudi zetu, mapato yamepanda kwa asilimia 62." Hesabu ni sahihi, ila maneno matatu ya mwanzo hayana ushahidi. Pasua ongezeko hilo la 1,323,000 hivi:

```
Kilo:  (1,190 - 1,120) x 1,900 =   133,000
Bei:   (2,900 - 1,900) x 1,190 = 1,190,000
Jumla:                           1,323,000
```

Mstari wa kwanza unauliza: bei ingebaki ya mwaka jana, kilo zilizoongezeka zingeleta shilingi ngapi? Wa pili unachukua kilo zote za msimu huu na kuuliza bei peke yake imeongeza ngapi. Katika kila shilingi kumi zilizoongezeka, moja tu imetoka shambani. Tisa zimetoka mnadani, na mnada haukupulizia salfa wala haukufyeka nyasi. Mwaka 2018 wakulima walikataa bei za wanunuzi na serikali ikatangaza kununua kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Hakuna aliyeipata bei ile kwa sababu ya ubora wa palizi yake, na bei ikianguka mwaka unaofuata usijilaumu kwa kosa ambalo si lako.

Hata ile moja ya kumi usiikumbatie bado. Kilo 70 ni ongezeko la karibu asilimia 6. Nenda kwenye mkutano mkuu wa AMCOS, au muulize katibu, chama kizima kimekusanya kilo ngapi msimu huu na uliopita. Kama chama kimepanda kwa asilimia 10, shamba lako limebaki nyuma ya majirani ingawa limepanda. Kama chama kimeshuka na wewe umepanda, hapo kuna jambo la kuelezea. Kipimo hiki kina tundu lake: kilo za chama huongezeka mashamba mapya yakianza kuzaa, na hupungua korosho zikiuzwa kwa kangomba, yaani kwa walanguzi nje ya chama. Kwa hiyo kitumie kuona mwelekeo wa kijiji, usikitumie kushindana na jirani.

Hatua ya nne: weka gharama kwa kilo, na za bure pia

Tuseme gharama zilikuwa 840,000 msimu uliopita na 1,011,500 msimu huu. Kwa kilo ni shilingi 750, kisha 850. Sasa angalia: umeongeza matumizi kwa 171,500 ukapata kilo 70 zaidi. Kwa bei ya msimu huu kilo hizo ni 203,000, umetoka na kitu kidogo. Kwa bei ya mwaka jana zingekuwa 133,000, yaani ungekuwa umenunua kilo zako mwenyewe kwa hasara. Sentensi hii moja ina faida kwa ndugu zako kuliko ile ya asilimia 62, kwa sababu inawaambia nini kitatokea bei ikirudi chini.

Kabla ya kuiandika, tazama kilichopandisha gharama. Kama vibarua wameongeza ujira, ongezeko hilo lingekuwepo hata bila kilo 70. Kama ni mzunguko mmoja zaidi wa kupulizia, basi ni uamuzi wako, na uutaje kuwa ni wako.

Vitu visivyolipiwa huwa vinasahaulika, na hapo ndipo msimamizi anapojisifu bila kujua. Salfa ya ruzuku uliyopewa iandike kwa idadi ya mifuko hata kama hukutoa senti. Waliookota bila malipo waandike pia: shangazi na watoto wake wakiinama chini ya mikorosho tangu asubuhi, wakitenganisha korosho na bibo, wamekupunguzia gharama ya vibarua. Ukiwaacha nje, faida yao inaonekana kama ujanja wako.

Hatua ya tano: andika somo ambalo mtu anaweza kulipinga

"Tumejifunza kwamba uvumilivu hulipa" si somo, hakuna wa kulibishia. Somo linataja kilichofanyika, wapi, lini, kilichoonekana, na kwa nini huenda si kweli. Mfano mzuri ni ubwiriunga, ule unga wa kijivu unaoshika maua na machipukizi laini. Salfa inakinga, haifufui ua lililokwisha kuungua, kwa hiyo tarehe ya kuanza ni jambo kubwa. Naandika hivi:

"Mistari mitatu ya upande wa barabarani tulianza kupulizia maua yalipoanza tu kuchomoza. Mingine tulichelewa wiki mbili, mashine ilikuwa kwa jirani. Mistari ya barabarani maua yake yalishika vizuri zaidi. Lakini miti ile ni michanga kuliko mingine, na jirani wa upande wa upepo alipulizia wiki hiyo hiyo. Salfa yake huenda ilitufikia."

Sentensi mbili za mwisho ndizo zinazoondoa majivuno. Hazimwombi msomaji msamaha, zinamwonyesha tu pa kutilia shaka. Ndugu aliyekulia shambani atakujibu kwamba mistari ile ilikuwa ikizaa vizuri hata enzi za baba, na utakuwa umepata kitu cha kupima mwakani: geuza, anza na upande wa bondeni.

Masomo mawili yanatosha. Ukifika matano, matatu ni ya kujazia.

Hatua ya sita: mipango ya mwaka jana kabla ya mipya

Fungua taarifa ya msimu uliopita, nakili mipango yake neno kwa neno, na mbele ya kila mmoja andika umefanyika, haukufanyika, au umefanyika nusu. Sababu iwe fupi. "Kupogolea mikorosho iliyogusana: miti 18 kati ya 40. Pesa iliisha kwenye palizi." Basi. Ukianza kueleza ukame, msiba na bei ya petroli, msomaji anaanza kuhesabu visingizio.

Mipango mipya iwe michache, na kila mmoja uwe na sharti lake. Una kipimo tayari: kila kilo inakugharimu 850. Kwa hiyo usiandike "tutaongeza uzalishaji". Andika namna hii:

"Tutamalizia kupogolea miti 22 iliyobaki kabla ya mikorosho kuchipua, hata bei ikiwa mbaya, kwa sababu matawi yaliyofungana hayapitishi salfa. Mzunguko wa ziada wa kupulizia tutaufanya tu kama ubwiriunga utaonekana kwenye maua mapya. Kununua mashine yetu tutaamua baada ya malipo ya kwanza ya mnada, na kama bei halisi haikufika 2,400 tutaendelea kuazima."

Hiyo 2,400 ni ya shamba la mfano. Yako itatoka kwenye gharama zako na bei ya mashine. Muhimu namba iwepo, ili mwakani mtu aweze kuweka kidole juu yake.

Hatua ya saba: soma vitenzi

Kabla ya kutuma, pitia ukurasa wote ukitafuta "nime-" na "tume-". Kila ulipoandika "tumepata bei nzuri", badilisha iwe "bei ilikuwa nzuri". Kila ulipoandika "kilo ziliongezeka" kwa sababu ya kazi mliyoifanya kweli, sema nani aliifanya. Futa "licha ya changamoto nyingi", na taja changamoto yenyewe: mbu wa mikorosho, mvua iliyolowesha korosho zikiwa juani, mashine iliyochelewa. Halafu ambatanisha picha za stakabadhi na ukurasa wa benki. Taarifa itumwe kwa wote siku moja, pamoja na mgawo wa kila mtu, kwa sababu atakayepata pesa kabla ya hesabu hatoisoma, na atakayepata hesabu kabla ya pesa atapiga simu usiku huo huo.