Kufunga pachibei yenye nomali kwenye studio ndogo

Wiki iliyopita nilikuwa Mwananyamala kwa kijana mmoja anayerekodi singeli na matangazo ya redio chumbani kwake. Intafesi yake, kifaa kinachoingiza na kutoa sauti ya kompyuta, imebanwa kati ya meza na ukuta. Kila akitaka kubadilisha kinanda na kompresa, mashine ya kubana sauti, anavuta meza, anaingiza mkono gizani na kuchomoa kwa kupapasa. Tundu moja la kuingizia sauti lilikuwa limeshalegea, sauti inakuja ukiushika waya hivi, ukiuachia inakata. Tulifunga pachibei siku hiyohiyo, nami naandika tulivyofanya.

Kifaa chenyewe ni boksi jembamba la raki lenye matundu 48 mbele na 48 nyuma. Yamepangwa kwa jozi 24, kila jozi ina tundu la juu na la chini. Nyuma unachomeka nyaya za mashine zako mara moja na kuzisahau. Mbele unatumia vijiwaya vifupi pale tu unapotaka kubadilisha njia. Nomali ni ile njia ya ndani inayounganisha tundu la juu na la chini wakati mbele hakuna kitu. Ndiyo inayofanya studio ifanye kazi asubuhi bila kugusa waya hata mmoja.

Hatua ya 1: Chora kwanza

Chukua karatasi. Kanuni ni moja: sauti inayotoka kwenye mashine inakaa juu, inayoingia kwenye mashine inakaa chini. Ukiigeuza, hafu nomali, hali nitakayoieleza kwenye hatua ya 2, itakufanyia kinyume.

Kwa kila jozi jiulize: siku ya kawaida, hiki kinakwenda wapi? Yule kijana ana priampu mbili za nje za kukuza sauti ya maiki, kinanda kimoja, ekofekti moja ya kuongeza mwangwi, kompresa ya chaneli mbili, na intafesi ya kuingiza nane kutoa nane. Ramani yake ikawa hivi:

- Jozi 1 na 2: juu priampu, chini intafesi ingizo 1 na 2.
- Jozi 3 na 4: juu kinanda kushoto na kulia, chini intafesi ingizo 3 na 4.
- Jozi 5 na 6: juu intafesi toleo 3 na 4, chini ekofekti.
- Jozi 7 na 8: juu ekofekti, chini intafesi ingizo 5 na 6.
- Jozi 9 na 10: juu kompresa inatoka, chini kompresa inaingia.

Zilizobaki ziache tupu. Toleo 1 na 2 za intafesi zinakwenda spika moja kwa moja. Wapo wanaopitisha hata hizo kwenye pachibei, mimi sioni faida. Ni jozi mbili zaidi za kushika kutu kati yako na unachosikiliza.

Maiki nazo hazipiti hapa. Zichomeke kwenye priampu kwa waya wake wa pini tatu. Maiki ya kondensa inahitaji volti 48 za fantomu, umeme unaotoka kwenye priampu kupitia waya wa maiki, na ncha ya jeki inapoteleza ndani ya tundu inagusa viungo visivyo vyake kabla ya kutulia. Ukichomeka fantomu ikiwa inawaka, unapiga shoti ya muda mfupi, na priampu au maiki ndiyo inayolipa. Waya wa ampu kwenda spika usiulete karibu kabisa.

Hatua ya 2: Chagua hali ya kila jozi

Hapa usikimbie.

Hali ziko tatu za kujali. Nomali kamili: ukichomeka juu au chini, njia ya ndani inakatika. Hafu nomali: ukichomeka chini inakatika, ukichomeka juu haikatiki, unapata nakala tu ya sauti huku ya asili ikiendelea na safari. Thruu: hakuna njia ya ndani kabisa, juu kunajitegemea na chini kunajitegemea.

Mimi natumia hafu nomali karibu kila mahali. Nakala ile ya bure ni mali. Toleo la mashine nyingi za studio lina ukinzani wa omu mia moja na kitu, na ingizo la mashine ya mbele ni omu elfu kumi au zaidi, kwa hiyo toleo moja linabeba maingizo mawili bila kupungua kwa namna utakayosikia. Kinyume chake hakikubaliki: matoleo mawili usiyaingize kwenye ingizo moja, kila moja litakuwa linamsukuma mwenzake. Nomali kamili naiacha kwa vitu dhaifu visivyopenda kugawanywa, kama gitaa lisilo na betri.

Sasa jozi 9 na 10. Hizi ni lazima ziwe thruu, na nitaeleza sababu kwa kirefu kwa maana zilininyima usingizi.

Pachibei yangu ya kwanza niliinunua Kariakoo, jozi zote zikiwa kwenye hafu nomali, nami nikaziacha hivyo. Angalia jozi ya kompresa: juu ni inapotoka, chini ni inapoingia. Weka njia ya ndani kati yake, na kompresa inajilisha sauti yake yenyewe. Inazunguka.

Mbona sikugundua mapema? Kwa sababu kompresa ikiwa haiongezi sauti, mzunguko huo unakufa wenyewe. Lakini ukipandisha geini ya kutokea, tuseme desibeli 6, kila mzunguko sauti inarudi mara mbili ya ilivyotoka, na mnong'ono wa umeme ulioko ndani unakua mpaka unakuwa mlio.

Usiku huo narekodi kaswida. Naitumia chaneli ya kwanza ya kompresa, ya pili haina kazi. Sauti ya msomaji inabanwa, inakuwa kama anaimbia ndani ya pipa. Napandisha kizingiti, yaani kiwango ambacho kompresa inaanza kubana, bado inabanwa. Nabadilisha maiki. Nabadilisha priampu. Ustadhi amekaa na tasbihi yake, ananiuliza kwa upole, "Fundi, tuje kesho?" Saa saba usiku ndipo nikaona kitu: hakuna anayeimba, na taa za kubana za chaneli ya pili zimewaka zote.

Chaneli ya pili ilikuwa inajipigia mayowe bila kusikika popote, maana ilikuwa haijaunganishwa na intafesi. Na kitufe cha linki, kinachofanya chaneli mbili zibane pamoja, kilikuwa kimebonyezwa tangu siku niliyomiksi stirio. Kwa hiyo mayowe ya chaneli ya pili ndiyo yaliyokuwa yanambana msomaji kwenye ya kwanza.

Kilichonimaliza zaidi ni kwamba kila nilipochomeka waya kwenye chaneli ya pili ili niichunguze, tatizo lilitoweka. Si ajabu: ukichomeka chini, hafu nomali inakatika, mzunguko unakufa. Nikichomoa, yanarudi. Nikaamini kiungo kimelegea, nikaanza kufungua mashine na bisibisi.

Ukitaka kupima kama una ugonjwa huu, fanya hivi. Zima maiki, pandisha geini ya kutokea, tazama taa. Zikiwaka bila sauti, chukua kijiwaya, chomeka upande mmoja tundu la chini mbele na upande wa pili uache ukining'inia. Taa zikizima papo hapo, jozi hiyo iko kwenye nomali na ilitakiwa thruu. Hii inahusu kila mashine ambayo kutoka kwake na kuingia kwake viko jozi moja: kompresa, ekwalaiza, chochote cha kuingiza katikati.

Usijidanganye pia kwa intafesi: ukiweka toleo 3 juu na ingizo 3 chini kwa hafu nomali, programu ikiwa inarudisha ingizo hilo kwenye toleo hilo, ni mzunguko uleule, na huu unausikia kwenye hedifoni.

Namna ya kubadilisha hali inategemea pachibei. Nyingine zina swichi juu ya boksi, nyingine unachomoa kadi ya jozi na kuigeuza mbele nyuma. Napenda za swichi. Vyovyote iwavyo, badilisha kabla ya kufunga kwenye raki, maana ukishaweka mashine juu yake swichi hazifikiki.

Hatua ya 3: Funga nyuma

Nyaya ziwe za jeki zenye mistari miwili myeusi kwenye ncha, si mmoja. Wa mstari mmoja ni wa gitaa, na ukiuweka baina ya mashine mbili za balansi unapoteza kinga ya muungurumo. Kinanda chenye toleo lisilo la balansi kinavumilia. Jozi kumi ni nyaya ishirini. Andika namba ncha zote mbili, na acha urefu wa ziada wa mkono mmoja ili uweze kuvuta boksi mbele.

Hatua ya 4: Itumie

Bila kijiwaya chochote: priampu zinaingia 1 na 2, kinanda 3 na 4, ekofekti inakwenda na kurudi. Nyamazisha spika kila unapochomeka.

Mwimbaji kafika, unataka kompresa. Kijiwaya cha kwanza: juu ya 1 kwenda chini ya 9. Cha pili: juu ya 9 kwenda chini ya 1. Hicho cha pili ndicho kinachokata njia ya asili.

Kijana aliuliza kama akikosea kubana atairudishaje sauti ya mwanzo. Hairudi. Ndiyo maana kijiwaya cha pili sikukichomeka chini ya 1, nilikichomeka chini ya 7. Kwa kuwa juu ya 1 ni hafu nomali, sauti kavu inaendelea kuingia ingizo 1 na iliyobanwa inaingia ingizo 5, unarekodi treki mbili kwa mkupuo. Ekofekti inapoteza upande wake wa kushoto kwa muda huo tu. Ukichanganya treki hizo mbili pamoja, hakikisha programu haijachelewesha mojawapo, la sivyo sauti inakuwa nyembamba.

Ikianza kukatakata

Kwa hewa ya chumvi ya Dar, viungo vya nomali vinashika utando, hasa jozi usizozigusa. Dalili: upande mmoja wa kinanda unapotea, lakini ukichomeka kijiwaya kutoka juu ya 4 kwenda chini ya 4 unarudi. Basi waya ni mzima, kiungo cha ndani ndicho kichafu. Chomeka na kuchomoa jeki mara kumi hivi tundu la chini, kisha la juu. Ikirudia ndani ya wiki, pulizia dawa ya kusafishia viungo vya umeme, ile inayokauka yenyewe, si ile ya kulainisha bawaba za mlango.