Upele: pakeni dawa nyumba nzima, usiku mmoja
Mtoto akijikuna usiku hadi analia, tazama katikati ya vidole na kwenye kiwiko cha mkono: kijistari kijivu kilichopinda, kama nusu sentimita. Ndani yake utitiri jike anataga mayai.

Kosa la nyumba nyingi, iwe Kondele au Nyalenda, ni kumpaka anayejikuna tu. Aliyeambukizwa mara ya kwanza hukaa wiki 4 hadi 6 bila mwasho, huku akiambukiza. Pakeni wote jioni moja krimu ya permethrini 5%, shingoni hadi nyayo, hata chini ya kucha; mtoto mdogo apakwe na kichwani pia. Oga baada ya kukaa nayo kwa saa 8 hadi 14, rudia kupaka siku ya 7. Ukinawa mikono, ipake tena. Mtoto wa chini ya miezi 2 aonwe kliniki kwanza. Mwasho ukibaki wiki 2 au 3, si lazima dawa imeshindwa.

Mgonjwa wa kawaida ana utitiri 10 hadi 15. Mwenye magamba mazito, mara nyingi mzee dhaifu au mwenye kinga duni, ana maelfu, hata mamilioni, na pengine hajikuni sana. Magamba yakidondoka kwenye kochi yanabeba utitiri hai. Huyo apelekwe hospitali; krimu peke yake haimtoshi, huhitaji pia vidonge vya ivamektini.