Wastani wa alama: seli tupu, sifuri na maandishi ndani ya AVERAGE

Wastani ni jumla gawanya kwa idadi. Jumla mara nyingi haina matatizo. Kinachoharibu hesabu ni ile idadi, kwa sababu AVERAGE huamua yenyewe seli ipi ihesabiwe na ipi iachwe. Tufuate alama za wanafunzi 8 katika Excel, na ukifungua karatasi mpya utaona kila badiliko kwa macho yako.

Hatua ya 1: ingiza alama. Kuanzia B2 kushuka hadi B9 andika 72, 58, kisha ruka B4 uiache tupu, halafu 0, 64, neno Hayupo, 81, na mwisho '45 ukianza na hiyo alama ya juu. Alama hiyo haitaonekana kwenye seli, ila inaifanya 45 kuwa maandishi. Ndivyo namba zinavyokuja mara nyingi zikitoka kwenye mfumo mwingine.

Hatua ya 2: andika fomula hizi pembeni.

```
=AVERAGE(B2:B9)
=COUNT(B2:B9)
=COUNTA(B2:B9)
```

Majibu ni 55, 5 na 7. COUNT huhesabu seli zenye namba tu, na hiyo 5 ndiyo AVERAGE iliyoigawia: 275 kwa 5. Seli tupu imerukwa, Hayupo imerukwa, na 45 nayo imerukwa kimyakimya bila onyo lolote la kosa. Sifuri ya B5 imehesabiwa kama alama nyingine yoyote. COUNTA huhesabu kila seli yenye kitu, ndiyo maana imetoa 7. COUNT na COUNTA zikitofautiana, kuna maandishi au kitu kingine kisicho namba, na ni lazima ukitafute kabla ya kumpa mtu yeyote huo wastani.

Hatua ya 3: rudisha 45 iwe namba. Utaitambua kwa sababu imeegemea kushoto wakati namba za kweli zimeegemea kulia, mradi hakuna aliyepanga seli katikati. Kubadilisha mpangilio wa seli kuwa Number peke yake hakutoshi. Kilichomo ndani kinabaki maandishi. Chagua B2:B9, nenda Data, kisha Text to Columns, bonyeza Finish. Sasa COUNT inasoma 6, na wastani ni 320 kwa 6, yaani 53.33.

Wengi hutumia njia nyingine: kunakili seli yenye 1, kisha Paste Special na Multiply juu ya safu nzima. Usiifanye penye seli tupu. Tupu mara 1 inakuwa 0, kwa hiyo B4 itapata sifuri, mgawanyo utakuwa kwa 7 na wastani utaanguka hadi 45.71. Mwanafunzi ambaye hakufanya mtihani ameshusha darasa zima karibu alama 8.

Hatua ya 4: amua sifuri ina maana gani. Kompyuta haiwezi kukuamulia hili. Kama wa B5 alifanya mtihani akakosa yote, sifuri ni yake na ibaki. Kama karani aliiweka kujaza nafasi, ifute seli kabisa. Ukiwa na uhakika kwamba sifuri zote ni za kujazia, tumia hii:

```
=AVERAGEIF(B2:B9,"<>0")
```

Inatoa 64, yaani 320 kwa 5. Kwenye kompyuta zinazotumia mkato kama nukta ya desimali, huenda ukahitaji nuktamkato kati ya sehemu za fomula.

Hatua ya 5: chunga alama zinazovutwa kutoka karatasi nyingine. Fomula kama `=Januari!B4` ikielekezwa kwenye seli tupu haileti utupu, inaleta 0, na sifuri hiyo itahesabiwa. Andika hivi:

```
=IF(Januari!B4="","",Januari!B4)
```

Seli itaonekana tupu, lakini ndani yake mna maandishi yasiyo na herufi. AVERAGE huyaruka, hivyo uko salama. AVERAGEA haiyaruki: kwake maandishi yoyote, hata hayo yasiyo na herufi, ni 0. Katika safu yetu baada ya Hatua ya 3, AVERAGEA inaipa Hayupo sifuri na kutoa 45.71. Itumie tu pale ambapo kanuni ya shule inasema asiyefika apewe sifuri.

Ukiona #DIV/0!, maana yake safu haina namba hata moja: ama ni tupu, ama namba zote ni maandishi. Rudi Hatua ya 3.